Taa Nyekundu ya Presha ya Oili na Taa ya Njano ya Kiwango cha Oili: Nini cha Kufanya Kabla Injini Haijanoki

Magari mengi ya Kijapani yaliyotumika yanayotembea katika barabara zetu, kama vile Probox, Ist, Vitz na Fielder zenye injini ya 1NZ-FE, yana taa moja tu ya oili kwenye dashibodi, nayo ni nyekundu. Madereva wengi wanapoiona ikiwaka huichukulia kama ile ya mafuta ya petroli, yaani taarifa kwamba oili inakaribia kuisha na kwamba wataongeza watakapofika kituo kinachofuata. Hapo ndipo injini nyingi hufa. Taa hiyo haipimi kiasi cha oili kilichomo. Inapima presha, na inapowaka injini inapozunguka maana yake ni kwamba vyuma vinavyozunguka ndani huenda tayari vinasuguana vikiwa vikavu.

Mwongozo huu unaeleza namna ya kuzitofautisha taa hizi mbili, hatua za kuchukua barabarani, na kipimo ambacho unapaswa kumtaka fundi akifanye kabla hajafungua wala kubadilisha kitu chochote.

Hatua ya kwanza: ijue taa uliyo nayo

Taa ya presha ina mchoro wa kopo lenye mdomo mrefu unaodondosha tone moja, na rangi yake ni nyekundu. Taa ya kiwango, kwa magari yanayokuwa nayo, hutumia kopo hilo hilo lakini kwa rangi ya njano, na mara nyingi huwa na mstari wa mawimbi chini yake au neno MIN pembeni. Magari mengi ya Ulaya, kama Volkswagen, BMW na Mercedes-Benz ya miaka ya karibuni, yana zote mbili, na mengine huandika ujumbe kwenye kioo cha dashibodi. Kwa kuwa michoro inafanana, rangi ndiyo inayokueleza uzito wa jambo: njano inakutaka uongeze oili mapema, nyekundu inakutaka uzime injini.

Ili kujua kama gari lako lina taa moja au mbili, fungua swichi ya gari bila kuwasha injini na utazame dashibodi. Taa nyekundu ya oili lazima iwake wakati huo, kwa sababu injini haizunguki na hakuna presha. Ukiwasha injini inapaswa kuzimika ndani ya sekunde chache. Ikiwa haikuwaka kabisa swichi ilipofunguliwa, usifurahi, kwa maana ama balbu imeungua, ama waya umekatika, ama mtu aliyewahi kulimiliki gari hilo aliuchomoa waya ili asisumbuliwe. Gari la namna hiyo haliwezi kukuonya, na linahitaji kurekebishwa kabla ya safari yoyote ndefu.

Taa ya njano inapowaka

Hii haina haraka kubwa, ingawa si ya kupuuzwa. Kihisio kilichomo ndani ya sampu, yaani bakuli la oili lililo chini ya injini, kimeona kwamba oili imeshuka karibu na alama ya chini, lakini pampu bado inafyonza oili ya kutosha. Simama mahali tambarare, kwa sababu mteremko unaweza kuiwasha taa hii bila sababu, zima injini, subiri dakika tano hadi kumi ili oili iteremke kutoka juu, kisha vuta dipstiki, ifute, irudishe yote na uivute tena. Usomaji wa mara ya pili ndio wa kuaminika. Katika magari mengi madogo, umbali kati ya alama ya chini na ya juu ni karibu lita moja, hivyo ongeza nusu lita, subiri kidogo, pima tena. Usivuke alama ya juu. Oili ikizidi, krenki, yaani shafti kuu inayozungushwa na pistoni, huipiga mpaka ikatoa povu, na pampu inayofyonza povu haiwezi kutoa presha nzuri, kwa hiyo mtu aliyekusudia kuinusuru injini anaweza kuiumiza kwa wingi wa oili.

Baada ya hapo unaweza kuendelea na safari, huku ukitafuta sababu ya oili kupungua. Mengine yote katika mwongozo huu yanahusu taa nyekundu.

Kwa nini nyekundu haisubiri

Krenki haikai moja kwa moja juu ya chuma cha bloku. Inazunguka ndani ya beringi nyembamba za nusu duara, ambazo mafundi wengi huziita metali, na nafasi iliyopo kati ya krenki na beringi ni sehemu ndogo sana ya milimita, takriban milimita 0.02 hadi 0.05. Pampu inasukuma oili ndani ya nafasi hiyo, na krenki inapozunguka inajibebesha juu ya utando wa oili kiasi kwamba vyuma viwili havigusani kabisa. Utando ukikatika, krenki inaegemea beringi moja kwa moja. Uso wa beringi umetengenezwa kwa madini laini, kama vile aloi ya aluminiamu na bati, ambayo huvumilia mguso wa muda mfupi wakati wa kuwasha injini, lakini katika mwendo wa barabarani joto la msuguano huyeyusha tabaka hilo na kulipangusa. Nafasi inapanuka, oili inavuja zaidi kupitia nafasi hiyo pana, na presha inashuka zaidi hata kwa beringi nyingine ambazo zilikuwa salama. Uharibifu huu hujilisha wenyewe, na ndiyo sababu hauendi polepole.

Jambo la pili ambalo madereva wengi hawaelezwi ni kwamba swichi ya presha imewekwa iwashe taa pale tu presha inapoanguka karibu kabisa na sifuri. Katika magari mengi kiwango hicho ni kati ya bari 0.3 na 0.5, ilhali injini yenye afya kwenye mwendo wa barabara kuu huwa na bari 2 mpaka 4 hivi. Kwa hiyo injini inaweza kupoteza zaidi ya nusu ya presha yake na taa isiwake. Ikiwaka gari likiwa kwenye mwendo, tatizo limekwishapita hatua zote za kati.

Mfano: Fielder kwenye mlima wa Kitonga

Tuchukue Fielder yenye injini ya 1NZ-FE, inayoingia lita 3.7 za oili pamoja na filta. Ringi zake zimechoka na inakula lita moja kila kilomita 2,000, jambo ambalo mwenye gari hajalifahamu kwa sababu hapimi dipstiki, bali hubadilisha oili kila kilomita 5,000. Anatoka Morogoro kwenda Iringa akiwa amekwisha kutembea kilomita 4,000 tangu service ya mwisho. Lita mbili hazipo, na ndani ya sampu imebaki lita 1.7. Hakuna taa yoyote iliyowaka, kwani gari hili halina taa ya njano, na katika barabara tambarare ya Mikumi chujio la kufyonzea oili, ambalo mafundi huliita stena, bado lilikuwa limezama.

Kwenye mlima wa Kitonga mambo yanabadilika. Gari limeinua pua, kona ni kali, na oili kidogo iliyobaki inasukumwa upande mmoja wa sampu. Stena inabaki wazi na pampu inafyonza hewa. Taa nyekundu inapepesa kwenye kona, inazimika, inapepesa tena kwenye kona inayofuata. Kupepesa huko ndiko fursa yenyewe, kwa maana kunamwambia dereva kwamba oili imepungua lakini presha inarudi oili inapotulia. Akisimama mahali salama na kuzima, akasubiri, akapima na kuongeza lita mbili, kuna uwezekano mkubwa kwamba injini imenusurika kwa gharama ya oili hiyo peke yake.

Tuseme hakusimama, akaamua afike kwanza Ilula, na kwamba amebakiza kilomita 10. Kwa mwendo wa kilomita 40 kwa saa, hiyo ni robo saa. Kwa mizunguko 2,500 kwa dakika, krenki itazunguka mara 37,500, ikiwa imebebeshwa mzigo wa kupanda mlima na utando wa oili ukikatika kila baada ya kona. Kwanza atasikia mlio mwembamba wa tiki-tiki kutoka juu ya injini. Kisha utakuja mlio mzito wa kugonga unaoongezeka anapokanyaga mafuta, nao ni konrodi, yaani mkono unaounganisha pistoni na krenki, inayogonga krenki kupitia nafasi iliyopanuka. Akiendelea baada ya mlio huo, beringi inaweza kujizungusha ndani ya konrodi na kuziba tundu la oili, na mwisho wake ni injini kukamata, au konrodi kukatika na kutoboa bloku.

Hatua za kuchukua taa nyekundu inapowaka ukiendesha

Ondoa mguu kwenye kanyagio la mafuta mara moja, washa taa za dharura, na uelekee pembeni mwa barabara kwa kasi uliyo nayo. Usizime injini gari likiwa bado linatembea kwa kasi, kwa sababu usukani utakuwa mzito na breki zitapoteza msaada wake baada ya kukanyagwa mara chache. Gari likishasimama salama, zima papo hapo. Kila sekunde, na hata sehemu ya sekunde, ina uzito hapa, hivyo usianze kutafuta kivuli wala mahali pazuri pa kuegesha mbele zaidi ikiwa hapo ulipo pana usalama.

Wapo wanaosimama na kuiacha injini ikiwa sailensa, yaani ikizunguka bila kukanyagwa mafuta, ili ipoe taratibu. Ushauri huo unaweza kufaa kwa turbo iliyotoka kufanya kazi nzito lakini ina presha nzuri. Kwa taa nyekundu ya oili ni hatari, kwa kuwa pampu huzungushwa na injini yenyewe, na kadiri injini inavyozunguka polepole ndivyo pampu inavyotoa kidogo. Sailensa ndiyo hali yenye presha ndogo kuliko zote.

Injini ikiwa imezimwa, subiri dakika kumi, pima dipstiki mara mbili kama ilivyoelezwa, na uangalie chini ya gari. Tazama nati ya kumwagia oili, filta, na sampu yenyewe, hasa kama ulipita juu ya jiwe au tuta muda mfupi uliopita. Utakutana na moja ya hali tatu.

Hali ya kwanza ni kwamba oili iko chini ya alama au haionekani kabisa kwenye dipstiki, na hakuna sehemu inayomwaga. Ongeza mpaka ifike kati ya alama mbili, ukitumia oili ya unene unaopendekezwa ukiipata, lakini katika dharura oili yoyote ya injini ni bora kuliko kutokuwa nayo. Washa injini huku macho yakiwa kwenye taa. Ikizimika ndani ya sekunde tano na husikii mlio wowote mgeni, endesha polepole, bila kuvuta mzigo wala kukimbia, hadi kwa fundi wa karibu. Isipozimika, zima wewe. Ukisikia kugonga, hata kama taa imezimika, gari livutwe.

Hali ya pili ni kwamba oili inamwagika. Kuongeza hakusaidii, maana pampu itaitoa nje kwa presha ile ile inayoisukuma ndani ya injini. Gari livutwe.

Hali ya tatu ndiyo inayowachanganya watu wengi: oili iko kwenye kiwango sahihi. Dereva huona dipstiki nzuri, akahitimisha kwamba taa imeharibika, akaendelea. Lakini oili inaweza kujaa ndani ya sampu na isifike kwenye krenki hata tone. Stena inaweza kuwa imezibwa na tope la oili iliyokaa muda mrefu bila kubadilishwa, au na vipande vya silikoni ambavyo fundi alipaka kwa wingi alipofunga sampu. Pampu inaweza kuwa imechoka, vali yake ya kupunguza presha inaweza kuwa imekwama wazi, au oili inaweza kuwa imechanganyika na petroli ikawa nyepesi. Ni kweli pia kwamba swichi yenyewe inaweza kuwa mbovu, na hutokea mara nyingi, lakini ukiwa barabarani huna namna ya kuthibitisha hilo. Usiwashe tena. Vivyo hivyo kama oili imepanda juu ya alama, inanuka petroli, au ina rangi ya chai ya maziwa, kwa sababu rangi hiyo ni dalili kwamba maji yameingia.

Kipimo cha kwanza gereji

Gharama ya kulivuta gari huonekana kubwa hadi utakapoiweka mbele ya gharama ya matengenezo, ambayo nitaieleza baada ya hatua hii. Gari likifika, mtake fundi afunge geji ya presha ya oili kabla ya jambo jingine lolote. Anafungua swichi ya presha, anafunga geji ya mkono kwenye tundu hilo hilo, anahakikisha oili ipo kwenye kiwango, kisha anawasha injini. Ikiwa sindano haipandi ndani ya sekunde chache, azime. Ikiwa inapanda, aiache injini ipate joto lake la kawaida, kwa sababu oili ya baridi ni nzito na huficha udhaifu, ndipo asome presha kwenye sailensa na tena kwenye mizunguko 3,000, na alinganishe na vipimo vya kitabu cha injini hiyo.

Presha ikiwa nzuri katika hali zote mbili, swichi au waya wake ndio wenye kasoro, na swichi ni kifaa cha bei ndogo. Presha ikiwa duni, sampu ishushwe, stena itazamwe, na filta ya zamani ikatwe ili karatasi yake ifunuliwe. Chembe zinazometameta kwenye mikunjo ya karatasi ni madini ya beringi, na hapo hakuna tena suala la kubadilisha swichi.

Kataa mambo mawili. La kwanza ni kubadilisha swichi kwa kubahatisha bila geji, kwa kuwa swichi mpya yenye tabia tofauti kidogo inaweza kuizima taa huku ugonjwa ukibaki. La pili ni kuwekewa oili nzito ili taa iache kupepesa kwenye sailensa. Taa inayopepesa injini ikiwa na joto na kuzimika ukikanyaga kidogo ni dalili ya kawaida ya beringi zilizochakaa. Oili nzito itapandisha presha kwa muda, nawe utaendelea kuendesha mpaka siku beringi zitakaposhindwa.

Kwa nini bili huwa kubwa

Injini ikishanoki, beringi zenyewe ndizo sehemu ndogo ya gharama. Krenki iliyochubuka lazima ichongwe, kama kipimo chake kinaruhusu, kisha zitafutwe beringi za saizi ya 010 au 020, yaani zilizoongezwa unene wa kufidia milimita 0.25 au 0.50 zilizoondolewa. Konrodi iliyopata joto hupoteza umbo lake na huhitaji kubadilishwa. Isitoshe, chembe za madini zilizotoka kwenye beringi zimesambaa katika njia zote za oili, mpaka kwenye mfumo wa VVT-i unaobadilisha majira ya vali na kwenye silinda hedi, na zisipooshwa zitaharibu beringi mpya kama zilivyoharibu za awali. Hili ndilo linalofanya injini nyingi zilizofungwa upya zinoki tena baada ya muda mfupi.

Silinda hedi ina tatizo lake la pekee. Katika injini nyingi za sasa kemshafti hazina beringi za kubadilisha, bali huzunguka moja kwa moja ndani ya aluminiamu ya hedi, na ziko mbali na pampu kiasi kwamba hukauka mapema. Aluminiamu hiyo ikichubuka, mara nyingi hedi nzima hutafutiwa mbadala.

Ndiyo maana wengi huishia kununua injini nyingine iliyotumika. Uamuzi huo unaweza kuwa wa busara, lakini unaleta injini ambayo historia yake huijui, na kwa kuwa namba ya injini imeandikwa kwenye kadi ya gari, mabadiliko yanapaswa kuripotiwa kwa mamlaka ya usajili. Kabla hujailipia, omba sampu yake ifunguliwe au angalau utazame chini ya kifuniko cha oili, na tope jeusi lililoganda likutoshe kuikataa.

Baada ya matengenezo

Iwe zimebadilishwa beringi au imefungwa injini nyingine, njia za oili huwa zimejaa hewa siku ya kwanza. Fundi ajaze filta oili kabla ya kuifunga pale inapoelekea juu, achomoe soketi za nozeli na za koili ili injini isiwake, kisha azungushe stata kwa vipindi vifupi mpaka taa nyekundu izimike yenyewe. Hapo ndipo soketi zirudishwe na injini iwashwe. Geji ibaki imefungwa mpaka injini ipate joto, na usomaji wa sailensa na wa mizunguko 3,000 uandikwe pamoja na kilomita za siku hiyo. Pima dipstiki kila unapojaza tangi la petroli na uandike ulichoongeza. Kwa gari lisilo na taa ya njano, kumbukumbu hiyo ndiyo itakayokuonyesha kwamba linakula lita moja kila kilomita 2,000, kabla hujafika kwenye mlima.